Mchezo wa subira ya Nabii Ayyub bila Nabii jukwaani: niliyojifunza nikiuandikia tamasha la madrasa

Mswada niliokabidhiwa na kamati ya tamasha ulikuwa umechezwa na wanafunzi waliotangulia kwa miaka mingi. Ulianza na mtoto aliyelala juu ya jamvi, kafungwa bendeji kichwani na miguuni, akisema: "Mimi ni Ayyub, mja wa Mwenyezi Mungu." Nilipofika hapo nikaufunga, nikaupeleka kwa sheikh wetu kabla sijamgawia mwanafunzi yeyote nafasi. Anayeandaa mchezo wa aina hii namshauri aanze na hatua hiyo. Mtoto akishaambiwa kwamba yeye ndiye atakayecheza fulani, akishawaeleza mama na bibi nyumbani, kumnyang'anya nafasi hiyo ni kumvunja moyo, na wazazi watakuja juu. Sheikh asome kwanza, watoto baadaye.

Sheikh aliusoma mbele yangu akiwa na kalamu mkononi, na alikata mambo matatu.

La kwanza ni mtoto kuwa Nabii. Msimamo wa wanazuoni wengi, wakiwemo wa Al-Azhar, ni kwamba Manabii hawaigizwi. Mwigizaji hubeba tabia zake, sauti yake na makosa yake, na mtazamaji humwona yeye kila Nabii anapotajwa. Kwa watoto jambo hili liko wazi zaidi. Kesho yake uwanjani huyo mtoto angeitwa "Nabii Ayyub" huku akigombania mpira.

La pili ni funza. Mswada ule ulikuwa na funza wanaoanguka kutoka mwilini, na Nabii anawarudisha ili wale riziki yao. Mimi mwenyewe niliisikia hadithi hiyo utotoni na niliipenda. Sheikh alinieleza kwamba ni katika visa vya Israiliyati, yaani vilivyotoka kwa Mayahudi na Wakristo wa kale, havina sanadi ya kutegemewa, na wanazuoni wameikataa kwa sababu Manabii wamehifadhiwa na maradhi ya kuwakimbiza watu, kwani kazi yao ni kuwalingania hao hao watu. Qur'ani haikutaja jina la ugonjwa wala sehemu ya mwili. Imesema dhara, na katika Sura Saad imesema taabu na adhabu. Mwandishi naye aishie hapo. Kisa cha mke kukata nywele akaziuza nacho kiliondoka kwa sababu hiyo hiyo, na hapo niliumia kweli, maana ndicho kilichokuwa kikiwaliza kina mama kila mwaka.

La tatu sikulitarajia: Iblisi. Katika mswada ule Iblisi alikuwa na mistari mingi kuliko mtu mwingine yeyote, mapembe ya karatasi na mkia. Sheikh hakusema ni haramu. Aliniuliza swali tu: "Ustadha, tamasha likiisha, watoto wadogo huwa wanamwiga nani?" Nilijua jibu. Kila mwaka waliondoka wakimwiga Iblisi, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akichekesha.

Nilirudi nyumbani na karatasi ambayo karibu yote imekatwa. Nitasema ukweli, usiku ule nilitaka kuiambia kamati kwamba mwaka huu watoto wasome qaswida tu basi. Mchezo kuhusu mtu ambaye haruhusiwi kuonekana wala kusikika, ambaye maradhi yake hayaelezwi na adui yake ameondolewa, sikuona utaandikwaje.

Njia nilipewa na sheikh huyo huyo siku iliyofuata. Alinisomea riwaya ya Anas bin Malik, iliyopokewa na Ibn Hibban na Al-Hakim, na akanitahadharisha kwamba wapo walioisahihisha, na yupo Ibn Kathir aliyeona kuinasibisha moja kwa moja na Mtume ni jambo geni. Kwa hiyo tungeitumia kwa kutamka "imepokewa". Ndani ya riwaya hiyo nilipata kila nilichokuwa nakitafuta. Nabii Ayyub alikaa katika mtihani miaka 18, wa karibu na wa mbali wakamwacha, isipokuwa watu wawili katika ndugu zake waliokuwa wakimwendea asubuhi na jioni. Siku moja mmoja akamwambia mwenzake: wallahi, Ayyub amefanya dhambi ambayo hakuna aliyepata kuifanya. Na mwishoni inataja viwanja viwili vya kupuria nafaka, kimoja cha ngano na kimoja cha shayiri, ambavyo mawingu mawili yalikuja yakamimina dhahabu katika kimoja na fedha katika kingine.

Basi mchezo wangu ukawa huo. Watu wawili wasio Manabii, viwanja viwili, na njia inayoelekea mahali tusipopaona. Nabii yuko upande wa pili wa njia. Wale wawili wanakwenda na kurudi, na sisi tunajua habari zake kwa nyuso zao wanaporudi.

Nikagundua kwamba kumtoa Nabii jukwaani kumeisaidia mada yenyewe. Mtoto aliyelala akigumia huku akitabasamu haonyeshi subira, anaonyesha maumivu yaliyopakwa rangi. Lakini mtu mzima anayeanza kushuku, akitafuta kosa la mgonjwa ili yeye mwenyewe apate usingizi, huyo kila mtazamaji anamfahamu. Subira ya Nabii inaonekana kwa kuwekwa kando ya kukosa subira kwa wanaomtazama.

Kabla ya kuandika niliweka alama za rangi, na hili naliusia kwa yeyote atakayeandika mchezo wa dini. Aya zote niliziandika kwa wino wa kijani. Maneno yaliyomo katika riwaya niliyaandika kwa buluu. Maneno yangu ya kubuni, kwa mweusi. Kanuni ya sheikh ilikuwa kwamba meusi yasiguse kamwe yale Nabii aliyosema, aliyofikiri au aliyotenda. Meusi ni ya watu wengine, na ni ya mambo ya kawaida: kufagia, kuuliza njia, kungoja. Ukishapaka rangi hivyo, kosa linajitokeza lenyewe. Ukiona mstari mweusi unaoanza na "Nabii Ayyub alihisi", unaukata bila kubishana na mtu.

Hili hapa onyesho la pili kama lilivyobaki:

*(Jukwaa halina kitu ila majamvi mawili, moja kulia na moja kushoto. SAHIBU WA KWANZA anafagia jamvi lisilo na punje. SAHIBU WA PILI anaingia.)*

SAHIBU WA PILI: Unafagia nini, ndugu yangu? Hapa hapajamwagwa nafaka siku nyingi.

SAHIBU WA KWANZA: Nafagia ili pasiote majani. Huku palikuwa pa ngano. Kule palikuwa pa shayiri.

SAHIBU WA PILI: Umetoka kwake?

SAHIBU WA KWANZA: Nimetoka. Na jioni nitarudi.

SAHIBU WA PILI: Umemkuta nani?

SAHIBU WA KWANZA: Mkewe. Hakuna mwingine.

*(Kimya. SAHIBU WA PILI anatazama kama kuna anayesikia.)*

SAHIBU WA PILI: Wallahi, Ayyub amefanya dhambi ambayo hakuna aliyepata kuifanya.

SAHIBU WA KWANZA: Kwa nini wasema hivyo?

SAHIBU WA PILI: Miaka 18! Mola wake hajamrehemu akamwondolea aliyo nayo.

*(SAHIBU WA KWANZA anaacha kufagia. Ufagio unabaki mkononi.)*

Mistari mitatu ya mwisho ya maneno ni ya buluu. Iliyotangulia yote ni meusi. Masahibu hawana majina kwa kuwa riwaya haikuwataja, na mke hana jina kwa kuwa Qur'ani haikumtaja. Wafasiri wamemwita Rahma, wengine Liya, nasi hatukuwa na haja ya kuchagua.

Onyesho la tatu ni jioni. Sahibu wa Kwanza hakuweza kunyamaza, amemweleza Nabii yale yaliyosemwa. Anarudi. Mwenzake anamuuliza, "Umemwambia?" Anajibu, "Nimemwambia." Wakati huo Msimulizi, aliyekaa pembeni na karatasi yake, anasoma jibu kama lilivyopokewa: kwamba hajui wanalolisema, ila Mwenyezi Mungu anajua kuwa alikuwa akiwapita watu wawili wanaogombana wakamtaja Mwenyezi Mungu, naye hurudi nyumbani akawatolea kafara, kwa kuchukia Mwenyezi Mungu asitajwe ila kwa haki.

Katika rasimu niliandika baada ya hapo Sahibu wa Pili aanguke magotini akitubu. Sheikh akaniuliza ametubu wapi katika riwaya. Hamna. Nikaukata mstari, na kwa muda nilibaki na shimo katikati ya mchezo: mtu ameambiwa jibu zito na hana la kusema. Kijana aliyecheza nafasi hiyo ndiye aliyeliziba wakati wa mazoezi. Hakujua afanye nini na mikono yake, akachukua ule ufagio kutoka kwa mwenzake, akaanza kufagia jamvi la shayiri polepole, akitoka pembeni kuja katikati. Hatukuongeza neno.

Kilichonishughulisha zaidi katika mazoezi ni swali la binti mmoja wa darasa la wadogo. Tulikuwa tumefika kwenye dua iliyomo katika Sura Al-Anbiyaa, aya 83: "Annii massaniya-dhurru wa Anta arhamur-raahimiin." Tukawaeleza maana yake, kwamba mimi imenigusa dhara, na Wewe ndiye Mwenye kurehemu zaidi ya wote wenye kurehemu. Binti akasema, "Ustadha, mbona analalamika? Si alikuwa na subira?"

Wenzake walimcheka, lakini swali lake lilikuwa ndilo kiini cha mchezo, na mchezo wangu haukuwa na jibu. Watoto wetu wengi tumewafundisha kwamba mwenye subira ni yule anayenyamaza. Akianguka tunamwambia, "Subiri, usilie." Kumbe Nabii Yaaqub alisema "fasabrun jamiil", subira njema, na ndani ya sura hiyo hiyo ya Yusuf, aya 86, akasema kwamba anamshitakia Mwenyezi Mungu sikitiko lake na huzuni yake. Kumshitakia Mwenyezi Mungu hakuvunji subira. Na ukiitazama dua ya Nabii Ayyub, hakuna ndani yake neno "niponye". Ametaja hali yake, akataja sifa ya Mola wake, akaishia hapo. Aya inayofuata inasema akaitikiwa.

Nikaongeza onyesho fupi la kwanza, la mabinti wawili wanaoteka maji. Mmoja anamwuliza mwenzake swali lile lile la binti wetu, kwa maneno yake mwenyewe: mgonjwa akisema ameumia, subira yake imeharibika? Mwenzake anajibu: "Inategemea anamwambia nani." Binti aliyeuliza mazoezini ndiye tuliyempa mstari wa swali. Alikuwa hajapangiwa nafasi yoyote.

Sasa niseme juu ya aya jukwaani, kwa maana hapa ndipo michezo mingi ya madrasa inapoharibikiwa hata ikiwa maandishi ni mazuri. Aya isisomwe na mwigizaji akiwa ndani ya nafasi yake, kwa sababu akisema kwa sauti ya kuigiza, tajwidi inapotea na maneno ya Mwenyezi Mungu yanakuwa mazungumzo ya mhusika. Tulimweka msomaji pembeni, mbele ya marufaa na msahafu, akiwa na kanzu yake ya kawaida. Anapoanza kusoma, waigizaji wote wanasimama walipo, hata kama mguu uko hewani. Sauti ya Mwenyezi Mungu haichezwi na mtu. Inapofika "Urkudh birijlik", katika Sura Saad, aya 42, piga ardhi kwa mguu wako, ni msomaji anayesoma, Msimulizi anatoa maana, na jukwaani hakuna anayepiga mguu wala maji yanayotoka popote. Kulikuwa na mzazi aliyejitolea kuleta pampu ndogo na beseni. Tulimshukuru, tukakataa.

Aya 44 inataka uangalifu wake. Mwanzo wake unazungumzia kuchukua kicha cha majani, na wafasiri wanaieleza kwa kiapo alichokula Nabii kuhusu mkewe. Maelezo yake ni marefu, na mchezo wa watoto hauna nafasi ya kuyatoa. Ukiisoma bila kuyaeleza, nusu ya ukumbi inabaki na hicho kicha na haisikii kitu kingine. Baada ya "walaa tahnath" pana alama ya waqfu, ya kusimama katika kisomo, kwa hiyo msomaji wetu alianzia "Innaa wajadnaahu saabiran", hakika tulimkuta ni mwenye kusubiri. Hilo lilifanywa kwa idhini ya sheikh, na nakuomba nawe usikate aya kwa maamuzi yako.

Mke pia hakuonekana. Riwaya ina pale mahali pazuri mno: aliona mumewe amechelewa, akatoka kumtafuta, akamkuta amepona na hakumtambua, akamuuliza kama amemwona Nabii wa Mwenyezi Mungu aliye katika mtihani, akaapa kwamba hajamwona mtu anayefanana naye zaidi alipokuwa mzima kuliko huyu anayezungumza naye. Naye akamjibu: ni mimi. Nilitamani kuliigiza. Lakini jibu ni la Nabii, na haiwezekani kuuliza upande mmoja jukwaani na kujibiwa na hewa. Msimulizi alilisimulia lote, jukwaa likiwa tupu. Tulimchagua Msimulizi kwa ajili ya mahali hapo pekee: binti asiyekimbilia maneno.

Dhahabu na fedha zilitusumbua kwa namna nyingine. Mazoezini tulimwaga vipande vya karatasi za kumeta kutoka juu, na watoto wa mstari wa mbele wakavamia jukwaa kuokota. Tukahamia kwenye sauti. Nyuma ya pazia wanafunzi wawili walimimina punje kavu kwenye sinia za bati, mmoja punje kubwa, mwingine ndogo, na jukwaani masahibu wawili wakageuza vichwa, mmoja kulia na mmoja kushoto. Ukumbi wote ukageuza vichwa pamoja nao.

Siku yenyewe, mchezo uliwekwa baada ya qaswida na kabla ya zawadi, yaani wakati kila mzazi anamtafuta mtoto wake apige picha. Tulikuwa tumepewa muda wa dakika kumi na tano, nasi tulikuwa tumeuandika wa kumi na mbili. Hizo tatu zilizobaki zililiwa zote, kwa sababu watu waliitikia kwa takbira baada ya kila kisomo, na msomaji alisoma kwa utulivu zaidi ya alivyosoma mazoezini. Ukiandika mchezo wenye aya, upime muda wake kwa kisomo cha polepole, na uache nafasi. Kipaza sauti kilikuwa kimoja, kwa hiyo kilikaa kwa msomaji na Msimulizi, na masahibu walifundishwa kusema wakiwa wameelekea watu. Mstari wowote uliozidi kile mtoto anachoweza kusema kwa pumzi moja tuliugawa mara mbili.

Baadhi ya wazazi hawakufurahi. Bibi mmoja alinifuata akauliza funza wamekwenda wapi, na kwa nini tumewanyima watoto kisa walichokulia wao. Nilimwelekeza kwa sheikh, wakazungumza kwa muda. Aliondoka akiwa bado anakipenda kisa chake, na mimi sikumlaumu. Mwingine aliuliza miaka 18 imetoka sura gani. Swali hilo lilinifanya niweke ukurasa wa mbele katika mswada unaobaki madrasani, wenye maelezo mafupi: kipi kimetoka kwenye Qur'ani na aya zake, kipi kimetoka kwenye riwaya ya Anas na wanazuoni wamesema nini juu yake, na kipi tumebuni. Tarakimu 18 imo katika la pili. Qur'ani haikutaja muda.

Kamati imekwisha kuniuliza kuhusu tamasha lijalo, na wanataka kile kisa kilichomo katika Sahihi Bukhari, cha nzige wa dhahabu walioanguka Nabii Ayyub akiwa anaoga, akawa anawakusanya katika nguo yake. Mola wake akamuuliza kama hakumtosheleza na anachokiona, naye akajibu kwamba ndiyo, lakini hatosheki na baraka Zake. Nimewaambia kisa hicho hakiwezi kuwa mchezo. Hakina masahibu, hakina jirani, hakina njia ya kwenda na kurudi. Ndani yake yumo Nabii na Mola wake tu, na hakuna mtu wa kumpa mtoto amcheze. Kitasomwa na Msimulizi peke yake, na yule binti tumekwisha kumpa karatasi.